Ufunguo wa Roboti: Kuzima Ruhusa ya Kutoa Pesa Hakutoshi

Anayekuuzia roboti ya kununua na kuuza sarafu za kidijitali huwa na jibu moja tayari kwa kila mteja mwenye wasiwasi: "Kaka, ukitengeneza ufunguo, ruhusa ya kutoa pesa usiiwashe. Hapo hata ufunguo ukipotea, hakuna wa kukuibia." Sehemu ya kwanza ya ushauri huo ni sahihi kabisa. Sehemu ya pili si kweli, na wapo waliopoteza akiba zao huku ruhusa ya kutoa pesa ikiwa imezimwa tangu siku ya kwanza.

Nitaufuata ufunguo mmoja tangu unapotengenezwa hadi unapofutwa. Soko nitakalolitumia kama mfano ni Binance, kwa sababu watu wengi wa Afrika Mashariki tayari wana akaunti huko, wakinunua USDT kwa shilingi kutoka kwa watu binafsi na kulipa kwa simu. Roboti nitakayoitaja ni Freqtrade, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma. Ukitumia soko jingine, majina kwenye skrini yatatofautiana kidogo, lakini mambo ya kuyaangalia ni haya haya.

Ufunguo wenyewe una sehemu mbili. Ya kwanza huitwa `API Key`, nayo hulieleza soko ni akaunti ipi inayozungumza. Ya pili ni `Secret Key`, ambayo ndiyo siri. Roboti haiitumi siri hiyo sokoni. Inaitumia kutia sahihi kila ombi inalopeleka, na soko hukagua sahihi kwa nakala yake. Sahihi ikilingana, oda inapita. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya, maana wanaamini kuwa ile namba ya siri inayokuja kwa simu kila wanapoingia kwenye akaunti itawalinda. Namba hiyo huombwa unapoingia na unapotengeneza ufunguo, lakini ufunguo ukishatengenezwa, roboti haiulizwi namba yoyote. Aliyeshika sehemu zote mbili, kwa soko, ni wewe.

Unapotengeneza ufunguo, `Secret Key` huonyeshwa mara moja tu. Ukiufunga ukurasa huo hutaiona tena, na dawa ni kuufuta ufunguo na kutengeneza mwingine. Usipige picha ya skrini "kwa ajili ya akiba", kwa sababu picha za simu hujipakia zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, na usijitumie kwa WhatsApp ili uifungue kwenye kompyuta. Ufunguo hauna haja ya akiba. Ukipotea unatengeneza mwingine kwa dakika chache na hakuna senti inayopotea, tofauti kabisa na yale maneno 12 au 24 ya mkoba wa sarafu, ambayo yakipotea mali imepotea.

Kwenye ukurasa huohuo kuna visanduku vya ruhusa. `Enable Reading` huwa tayari kimewashwa, nacho huiwezesha roboti kuona salio na historia. `Enable Spot & Margin Trading` ndicho unachohitaji ili roboti iweke oda. `Enable Withdrawals` ndicho cha kuacha kilivyo, kimezimwa, na hakuna roboti ya kununua na kuuza yenye sababu ya kukihitaji. Mtu akikuambia roboti yake haifanyi kazi bila ruhusa hiyo, mazungumzo yaishie hapo. `Enable Futures` nacho kiache kimezimwa kama roboti yako inanunua sarafu halisi tu, kwa sababu huko kuna mkopo, na mwizi mwenye mkopo anamaliza salio haraka zaidi.

Sasa tuone jinsi pesa zinavyoondoka bila mtu kuzitoa. Tuseme una USDT 600 kwenye akaunti, na ufunguo wako wenye ruhusa ya kununua na kuuza tu umeangukia mikononi mwa mwizi. Mwizi anatafuta sarafu ndogo ambayo siku hiyo karibu hakuna anayeinunua. Bei yake ni 0.02. Anakusanya vipande 12,000 polepole, na vinamgharimu 240. Kisha anaviweka sokoni kwa bei ya 0.05, bei ambayo hakuna mwenye akili angeikubali. Halafu anatumia ufunguo wako kununua kwa pesa zote. Oda yako inameza wauzaji wachache waliopo kati ya 0.02 na 0.05, inafika kwenye oda yake, na USDT 600 zako zinageuka kuwa takribani vipande 12,000 vya sarafu hiyo. Baada ya dakika chache bei inarudi 0.02. Ulichobaki nacho kina thamani ya 240 kwa hesabu ya karatasi, na pengine pungufu ukijaribu kuviuza, kwa sababu wanunuzi hawapo. Zile 360 ziko kwenye akaunti ya mwizi, naye anazitoa kihalali kutoka kwenye akaunti yake mwenyewe. Akitaka, anaurudia mchezo kwa upande wa pili: ufunguo wako unauza vile vipande kwa bei ya kutupa, na yeye ndiye mnunuzi.

Ukifungua historia yako kesho yake, sehemu ya pesa zilizotolewa ni tupu. Kuna ununuzi mmoja au miwili ya sarafu ambayo hujawahi kuisikia.

Njia hii ilishatumika hadharani. Tarehe 7 Machi 2018, Binance yenyewe iliona oda nyingi za kununua sarafu iitwayo Viacoin zikiingia kwa mkupuo. Kwa maelezo ya soko hilo, wezi walikuwa wamekusanya nywila za watu tangu Januari kwa kutumia tovuti bandia ambayo jina lake lilitofautiana na la kweli kwa vitone viwili tu chini ya herufi. Walipoingia kwenye akaunti hawakugusa pesa. Walitengeneza ufunguo kwenye kila akaunti na kunyamaza. Siku ya tukio, katika muda wa dakika mbili hivi, funguo zote zilinunua Viacoin kwa pamoja, huku akaunti 31 zilizoandaliwa mapema zikiiuza kwa bei ya kileleni. Mitambo ya Binance ilishtuka na kusimamisha utoaji wa pesa, na wezi wakaishia kupoteza walichokuwa wameweka. Lakini ona walivyopanga: muda wote ule, kitu pekee kilichokuwa kinasubiri ndani ya akaunti za watu ni ufunguo. Ndiyo maana hata asiye na roboti anapaswa kufungua ukurasa wa API kwenye akaunti yake na kuhakikisha hakuna ufunguo asioujua.

Tukio la pili linawahusu moja kwa moja wanaokabidhi funguo kwa kampuni ya roboti. Oktoba 2022, wateja wa soko la FTX waliokuwa wakitumia roboti za kampuni ya 3Commas walikuta akaunti zao zimefanya biashara ya sarafu iitwayo DMG bila wao kujua. Kampuni ilisema wateja walidanganywa na tovuti bandia. Tarehe 28 Desemba mwaka huohuo, baada ya mtu asiyejulikana kuweka funguo za wateja hadharani, mkuu wa kampuni alikiri kwamba zimetoka kwao kweli, na masoko yakaombwa kuzifuta funguo zote zilizounganishwa na huduma hiyo. Mteja wa namna hiyo anaweza kuwa amefanya kila kitu sawasawa kwenye kompyuta yake, na bado siri yake ikavuja kutoka kwenye hifadhi ya mtu mwingine.

Kwa hiyo pamoja na kuzima utoaji wa pesa, weka uzio wa pili, nao ni anwani ya IP. Kwenye ukurasa wa ruhusa chagua `Restrict access to trusted IPs only`, kisha andika anwani ya seva inayoendesha roboti. Kuanzia hapo, aliyeiba ufunguo wako akiutumia kutoka kwingine popote anakataliwa, hata kama sehemu zote mbili anazo. Katika hatua zote nitakazozitaja, hii ndiyo yenye faida kubwa kuliko jasho lake.

Ugumu wake kwetu ni mmoja. Wengi huanza kwa kuendesha roboti kwenye kompyuta ya nyumbani, wakitumia bando la simu. Mitandao ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya nje, na anwani hiyo hubadilika unapozima na kuwasha data. Ukiifungia roboti kwenye anwani ya leo, kesho roboti itakataliwa, na kwenye kumbukumbu zake utasoma hivi:

```
{"code":-2015,"msg":"Invalid API-key, IP, or permissions for action."}
```

Hapo ndipo mtu anachoka, anarudi kwenye akaunti na kuondoa uzio ili kazi iendelee. Usifanye hivyo. Ujumbe huo unataja sababu tatu, yaani ufunguo, anwani au ruhusa, na mara nyingi kwa mtu wa bando la simu sababu ni anwani. Suluhisho ni kukodi seva ndogo yenye anwani isiyobadilika. Kama pesa ulizoipa roboti ni kidogo kiasi kwamba kodi ya seva inazila, basi bado hujafikia kiwango cha kuwa na roboti, na ni afadhali ukae kwenye majaribio ya pesa za kuigiza, ambayo Freqtrade inayo. Ukiwa ndani ya seva, anwani yake utaipata kwa amri hii:

```
curl -4 ifconfig.me
```

Kama roboti yako iko kwa kampuni, itakupa orodha ya anwani zake za kuweka kwenye uzio. Ziweke. Zitamzuia mwizi aliyechukua funguo na kuondoka nazo, ingawa hazitamzuia aliyeingia ndani ya mitambo ya kampuni na kutuma oda kutokea hukohuko.

Uzio wa tatu ni wa sarafu. Binance inakuruhusu kuufungia ufunguo kwenye jozi ulizozitaja wewe, kwa mfano `BTCUSDT` na `ETHUSDT` peke yake. Rudi kwenye mfano wa USDT 600 uone kinachotokea. Mwizi hawezi tena kuichagua sarafu yake ndogo. Amebaki na bitcoin na ether, ambazo soko lao ni kubwa mno kwa mtu kuisukuma bei kama alivyoisukuma ile ya sarafu ndogo kutoka 0.02 hadi 0.05. Anaweza kukuudhi, anaweza kukuunguzia ada kwa kununua na kuuza bila mpangilio, lakini kuzihamisha pesa zako kwenda kwake kumekuwa kugumu sana.

Usichanganye uzio huu na ile orodha ya `pair_whitelist` iliyo ndani ya mipangilio ya Freqtrade. Orodha hiyo ni maagizo kwa roboti yako, na mwizi hatumii roboti yako. Anazungumza na soko moja kwa moja. Kizuizi chenye maana dhidi yake ni kile kilichowekwa upande wa soko.

Kuhusu kiasi cha pesa, kanuni ni fupi: roboti ione pesa zake tu. Soko likikuruhusu kufungua akaunti ndogo chini ya akaunti kuu, fungua moja, hamishia humo mtaji wa roboti, na ufunguo utengenezwe humo. Masoko mengine hayampi mteja wa kawaida nafasi hiyo. Hapo ni kuacha sokoni mtaji wa roboti peke yake, na akiba nyingine uihamishie kwenye mkoba ulio mikononi mwako.

Sasa siri yenyewe ikae wapi? Kosa linaloonekana kila mara ni kuiandika ndani ya faili la mipangilio, `config.json`, halafu faili hilo likasafiri. Mtu anakwama, anaomba msaada kwenye kundi la Telegram, anaambiwa "tuma mipangilio yako tuione", naye anatuma faili zima. Mwingine anapakia kazi yake yote GitHub. Akishtuka analifuta faili, akidhani yamekwisha, lakini Git huhifadhi kila toleo lililopita, na kuna programu zinazozunguka humo usiku na mchana zikitafuta siri kama hizo. Siri iliyofika hadharani hata kwa dakika moja ihesabu imeibiwa, na uufute ufunguo.

Njia nzuri ni kuitenga siri na kila kitu kingine. Freqtrade husoma ufunguo kutoka kwenye mazingira ya mfumo ukitumia majina haya mawili:

```
FREQTRADE__EXCHANGE__KEY=andika_hapa
FREQTRADE__EXCHANGE__SECRET=andika_hapa
```

Kwenye seva ya Linux, fungua faili kwa `sudo nano /etc/roboti.env`, andika mistari hiyo miwili yenye thamani zako, hifadhi, kisha lifunge:

```
sudo chown root:root /etc/roboti.env
sudo chmod 600 /etc/roboti.env
ls -l /etc/roboti.env
```

Mstari utakaotokea unatakiwa uanze na `-rw-------`. Herufi mbili za mwanzo zinamaanisha mwenye faili anaweza kusoma na kuandika, na vistari sita vya mwisho vinamaanisha wengine wote hawana ruhusa yoyote. Ukiona `-rw-r--r--`, kila mtumiaji na kila programu kwenye seva hiyo inaweza kuisoma siri yako. Nimesema `nano` makusudi. Ukiiandika siri moja kwa moja kwenye amri, kwa mfano kwa `export`, inabaki kwenye historia ya amri, ndani ya `.bash_history`, na huko hakuna anayekumbuka kuangalia.

Kisha ielekeze huduma ya roboti kwenye faili hilo kwa kuongeza mistari hii kwenye faili lake la systemd:

```
[Service]
User=roboti
EnvironmentFile=/etc/roboti.env
```

Mpangilio huu una faida moja nzuri. Systemd hulisoma faili ikiwa na mamlaka ya juu, inaipa roboti thamani zinazohitajika, kisha inaiendesha roboti kwa jina la mtumiaji wa kawaida asiye na ruhusa ya kulifungua faili lenyewe. Na `config.json` yako sasa haina siri ndani yake, unaweza kuionyesha kwa yeyote anayekusaidia.

Usiamini kumbukumbu yako kwamba ruhusa uliziweka sawa. Liulize soko. Freqtrade huja na maktaba ya Python iitwayo ccxt, kwa hiyo andika faili dogo, `kagua.py`:

```python
import os, ccxt
b = ccxt.binance({
    "apiKey": os.environ["FREQTRADE__EXCHANGE__KEY"],
    "secret": os.environ["FREQTRADE__EXCHANGE__SECRET"],
})
for jina, hali in b.sapiGetAccountApiRestrictions().items():
    print(jina, hali)
```

Liendeshe ukiwa ndani ya seva yenyewe, kwa Python ileile ya Freqtrade. Badilisha njia ya faili ilingane na ya kwako:

```
sudo bash -c 'set -a; . /etc/roboti.env; /home/roboti/freqtrade/.venv/bin/python kagua.py'
```

Katika majibu, `ipRestrict` inatakiwa iwe `True`. `enableReading` na `enableSpotAndMarginTrading` ziwe `True`. Halafu `enableWithdrawals`, `enableInternalTransfer`, `permitsUniversalTransfer`, `enableMargin` na `enableFutures` ziwe `False`. Zile zenye neno `Transfer` huwapita wengi. Zinahusu kuhamisha pesa kati ya akaunti kuu na ndogo, au kati ya mifuko ya ndani ya akaunti yako, na ukiziacha wazi ile kazi ya kutenga mtaji wa roboti inabomoka, kwa sababu mwizi anaweza kuvuta pesa za upande mwingine na kuzileta pale ufunguo unapofika. Rudia ukaguzi huu kila unapogusa ruhusa zozote.

Dalili za ufunguo ulioibiwa huonekana mapema kama unatazama mahali sahihi. Linganisha oda zilizo kwenye historia ya soko na zile ambazo roboti yako inasema imeziweka. Oda iliyopo sokoni na haipo kwa roboti, hata ya thamani ya dola moja, ni dalili mbaya, kwani wezi hujaribu kwa kiasi kidogo kabla ya kufanya kweli. Jozi usiyoitumia ikitokea kwenye historia, usisubiri kuelewa kwanza.

Siku hiyo mpangilio wa hatua una maana. Anza kwa kuufuta ufunguo kwenye ukurasa wa API, na uanze hapo hata kabla ya kuizima roboti, maana roboti uliyonayo siyo tatizo. Halafu tazama kama kuna ufunguo mwingine usioujua, kama walivyoachiwa watu wa mwaka 2018, na uufute pia. Futa oda zote zinazosubiri, kwa sababu kufuta ufunguo hakuondoi oda ambazo tayari zimekaa sokoni. Kisha badilisha nywila ya akaunti na ya barua pepe, kwa kutumia kifaa kingine ukishuku kompyuta yako. Ndipo uwaandikie wahudumu wa soko ukiwapa namba za oda zilizofanyika, jozi na saa, kwa sababu pesa zilizoibwa kwa njia ya biashara zimeingia kwenye akaunti nyingine ndani ya soko hilohilo, na wao wanaweza kuiona na kuizuia kama bado hazijatoka. Ufunguo mpya utengeneze baada ya kujua ule wa kwanza ulivujia wapi.